Uchungu wa kwanza: epidura, pethidini au nivumilie tu? Naomba ushauri

BintiLikoni:
Assalamu alaykum. Hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 35. Naishi Likoni, nitajifungulia hospitali ya binafsi upande wa kisiwani. Kliniki wameniuliza nitataka nini cha kupunguza uchungu, epidura au pethidini. Gesi ya kuvuta wamesema hawana. Mama mkwe hataki hata kusikia habari ya sindano ya mgongo. Asema uchungu utasimama, nitaishia kupasuliwa, na mgongo utaniuma hadi uzeeni. Mume wangu ameniachia niamue mwenyewe. Mliopitia, kweli uchungu husimama?

MamaWatatu:
Shoga, usikubali! Mimi nilidungwa mgongoni kwa mwanangu wa pili. Kuanzia kifuani kwenda chini sikuwa na mwili, wakanipasua nikihisi wanavutavuta tu. Mpaka leo nikiinama kufua, mgongo waniita.

NesiWaUsiku:
MamaWatatu, pole na mgongo, ila wewe ulidungwa ya upasuaji. Ile ni sindano moja, dawa inaingia kwenye maji yanayozunguka neva za uti wa mgongo, na ganzi yake ni nzito ili mtu apasuliwe. Anayoulizia BintiLikoni inaishia nje kidogo ya hapo. Daktari wa ganzi anapitisha mrija mwembamba kama uzi, anauacha mgongoni, na dawa hafifu inaingia kidogo kidogo mpaka mtoto atoke. Wengi hubaki wakiweza kusogeza miguu. Na maumivu ya mgongo ya muda mrefu huwapata waliochomwa na wasiochomwa kwa kiasi kilekile. Mimba na kubeba mtoto vyatosha kuumiza mgongo.

Sasa swali lenyewe. Uchungu hausimami, ila mwisho wake hurefuka. Ganzi hulegeza misuli ya chini ya nyonga, kichwa cha mtoto huchelewa kugeuka, na mama hasikii vizuri ile hamu ya kusukuma. Baadhi huhitaji dripu ya oksitosini kuongeza nguvu. Lakini utafiti wa kulinganisha akina mama umefanywa mara nyingi, na epidura haikuongeza upasuaji. Iliyoongezeka zamani ni kuvutwa mtoto kwa kikombe au koleo, na hiyo ilikuwa enzi za dozi nzito. Dozi za siku hizi ni hafifu, tofauti imepungua sana.

Nikupe mfano wa dada mmoja, mimba ya kwanza kama wewe. Alichomwa njia ikiwa imefunguka sentimita 4. Baada ya dakika kumi akasema kichefuchefu na kizunguzungu, tukapima presha, imeshuka kutoka 122/76 hadi 90/50, na mapigo ya mtoto yakapungua. Hilo tunalitarajia, ndiyo maana mwanzoni twapima kila dakika tano na dripu iwe tayari mkononi. Tulimlaza ubavu wa kushoto, tukaongeza maji, daktari akampa dawa ya kupandisha presha, ikarudi. Saa moja baadaye alikuwa asikia uchungu upande wa kulia peke yake, daktari akavuta mrija nyuma kidogo na kuongeza dawa. Njia ilipofunguka yote kichwa kilikuwa bado juu. Mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri, kwa hivyo hatukumkimbiza kusukuma, tulimgeuza ubavu huu na huu karibu saa nzima. Akaja kusukuma na kuzaa kwa njia ya kawaida. Wodi nyingine wangemwambia asukume papo hapo, madaktari wenyewe hawajakubaliana juu ya hilo.

BabaPacha_Bamburi:
Mke wangu alikatazwa epidura mpaka afike sentimita 4, waliambiwa kabla ya hapo uchungu hufa. Mimi naona pethidini ni salama zaidi, haigusi mgongo, sindano ya paja tu na kazi imekwisha.

NesiWaUsiku:
Hiyo ya sentimita 4 ilikuwa kanuni ya zamani, na hospitali nyingine bado waifuata. Uchungu ukishaanza kweli, kuchomwa mapema hakuongezi upasuaji.

Kuhusu pethidini una haki nusu, kaka. Mgongo haigusi, lakini mtoto inamgusa. Kwa kawaida ni miligramu 50 hadi 100, na inavuka kondo. Mtoto akizaliwa saa mbili au tatu baada ya sindano ndipo dawa huwa imemjaa zaidi. Anatoka amelegea, anachelewa kupumua, huenda akahitaji kusaidiwa kwa mfuko wa hewa, kisha siku ya kwanza anasinzia kwenye titi. Kwa hivyo kabla ya kuchoma twaangalia njia imefunguka kiasi gani. Mwenye mimba ya kwanza akiwa sentimita 4 huwa ana saa nyingi mbele. Aliyezaa mara tatu akiwa 7, mimi simchomi. Mama mwenyewe hutapika mara nyingi, na maumivu hayaondoki, anasinzia tu kati ya uchungu mmoja na mwingine. Wengine huipenda hiyo, wengine huona wamepotezwa akili bure.

Zuhura_Ughaibuni:
Nilizalia Uingereza, nikatumia gesi. Nusu ni oksijeni, nusu ni nitrasi oksaidi, unashika mdomo wa mpira mwenyewe. Siri yake ni kuanza kuvuta uchungu unapoanza tu, kwa sababu yachukua kama nusu dakika kufika kichwani. Ukingoja mpaka umekolea, umeshachelewa. Haikunichelewesha kuzaa, na nikiacha kuvuta akili yarudi mara moja. Kizunguzungu kilikuwepo. Ila nisidanganye, mwishoni niliitupa nikaomba epidura.

BibiWaMajengo:
Wajukuu, na sisi tulizaaje? Mjukuu atembee, asilale chali. Apate mtu wa kumkandamiza kiuno kwa kisigino cha mkono, kwa nguvu, kila uchungu ukija, na maji ya moto mgongoni. Na dawa za miti za kuharakisha zipo.

NesiWaUsiku:
Bibi, shikamoo. Hayo ya kutembea na kukandwa nakuunga mkono kabisa, kukaa wima mwanzoni hufupisha uchungu kwa saa moja au zaidi, na mtu wa kukaa naye mwanzo hadi mwisho hupunguza hata upasuaji. Za miti hapana. Zikikutana na oksitosini, mji wa mimba haupumziki na mtoto hukosa hewa.

BintiLikoni:
Ahsanteni nyote. Naelekea epidura, na dada yangu aje anikande mpaka wakati wake ufike. Lakini je, yaweza kukataliwa siku yenyewe? Nauliza kwa sababu wiki hii presha ilikuwa 138/88, nao hawakusema kitu.

NesiWaUsiku:
Yaweza. Daktari wa ganzi wa usiku akiwa kwenye upasuaji mwingine, utangoja. Uliza hilo mapema, na pia kama bei iko ndani ya kifurushi chako. Presha yenyewe haizuii epidura, hata husaidia kuituliza. Kizuizi ni chembe za kugandisha damu zikishuka, na kifafa cha mimba chaweza kuzishusha. Zikiwa chini ya 70,000 wengi hawachomi, wanaogopa damu kuvujia mgongoni. Hapo ndipo pethidini hurudi mezani.

Hiyo 138/88 iko karibu na mpaka wa 140/90. Usingoje kliniki ijayo. Kesho pima tena presha, mkojo wapimwe protini, na omba hesabu kamili ya damu. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au chembe ya moyo ikiuma, nenda usiku huohuo kituo kilicho upande wako wa Likoni, usianze kwa kupanga foleni ya feri.