Lebo mbili, begi moja: "-40% na 20% zaidi" au "-20% kodi ndani", ipi nafuu kweli?

Mbeba_Mzigo
Wakuu, nimepiga picha lebo mbili za begi lilelile la mgongoni, maduka mawili tofauti. Namba ya modeli nimeilinganisha tarakimu kwa tarakimu, ni moja. Nawaandikia kilichomo.

Lebo A: 240 imekatwa kwa mstari, chini yake 144 kwa wino mwekundu na alama ya -40%. Pembeni kuna stika ya duara: "20% zaidi kaunta kwa wenye kadi". Chini kwa herufi za sisimizi: "bei bila kodi". Kodi ni 10%.

Lebo B: 160 imekatwa, chini 128, alama ya -20%, na maneno "kodi imejumuishwa".

Hesabu yangu: 40 na 20 ni 60. Ukitoa 60% kwenye 240 inabaki 96, ukiweka kodi unapata 105.60. A inaipiku B kwa zaidi ya 22. Mke wangu kaangalia karatasi, kacheka, kaondoka. Nimekosea wapi?

Chenji_Kamili
Mkuu, shemeji ana haki ya kucheka. Nimekaa kaunta miaka kadhaa na kosa hili nimeliona kila msimu wa punguzo.

Anza na picha kabla ya kalkuleta. Gawa bei nyekundu kwa bei iliyokatwa: 144 kwa 240 ni 0.60. Maana yake ile 40% imeshaingia ndani ya 144. Kuna watu huitoa tena juu ya 144, halafu wanagombana na keshia.

Sasa ile 20% ya stika haiigusi 240 hata kidogo. Inakula kilichobaki, yaani 144. Kwa hiyo:

```
240 × 0.60 × 0.80 × 1.10 = 126.72
```

Kabla ya kodi ni 115.20, ambayo ni punguzo la 52%, si 60. A inaishinda B kwa 1.28 tu. Nauli inaweza kuimeza hiyo.

Senti_Tano
Naongezea. Kulinganisha kwa haki, zote ziwe bila kodi. A ni 115.20. B ni 128, toa kodi 10%, yaani 12.80, unabaki na 115.20. Zimelingana mpaka senti! Nunua popote.

Chenji_Kamili
@Senti_Tano wazo la kuziweka zote upande mmoja wa kodi ni zuri, ila mlango wa kutokea umeukosea. Kodi ya B haikuhesabiwa juu ya 128, ilihesabiwa juu ya bei ya chini yake. Kuitoa unagawa kwa 1.10, na 128 kwa 1.10 ni 116.36. Jipime mwenyewe: chukua 115.20 yako, ongeza 10%, utapata 126.72 na si 128. Hesabu ikikataa kurudi ilikotoka, ujue umepotea njiani.

Kuangukia namba ileile ni bahati mbaya tu, ila kweli imependeza.

Senti_Tano
Hapo nimenasa. Lakini basi hata A kuna tatizo: wewe umetoa punguzo kwanza ukaweka kodi. Wakiweka kodi kwanza, 144 inakuwa 158.40, ndipo watoe 20%. Itakuwa kubwa zaidi.

Chenji_Kamili
Piga uone. 158.40 mara 0.80 ni 126.72 tena. Asilimia zikifuatana ni kuzidisha tu, na kuzidisha hakujali nani katangulia. Mpangilio unaleta shida pale linapoingia punguzo la kiasi maalumu, mfano kuponi ya kutoa 15. Ukiitoa kabla ya ile 20%, sehemu yake inapungua pia: inakuokolea 12 badala ya 15.

Mzee_wa_Zipu
Mimi ningeangalia zipu. Zipu ya plastiki ikichoka begi zima limekufa. Chagua lenye zipu ya chuma.

Mbeba_Mzigo
Mzee wangu, ni begi lilelile, zipu ni moja 😅

Mama_Risiti
Mwanangu, kabla hujakimbilia A, ngoja nikueleze yaliyonikuta. Lebo ilisema 10% kwa wenye kadi. Nikafika kaunta na kadi yangu, nikatozwa bei yote. Kuuliza, naambiwa ile 10% imeingia kwenye kadi kama pointi za manunuzi yajayo. Zikaisha muda kabla sijarudi. Tangu siku ile neno "kwa wenye kadi" nalisoma mara mbili.

Chenji_Kamili
Mama amegusa penyewe, na hapo hata mimi nilijibu haraka mno. Stika inasema 20%, haisemi inatolewa vipi. Kuna njia tatu nilizowahi kuziona.

Ya kwanza, bei yenyewe inashuka kabla ya kodi. Unalipa 126.72, na A inashinda.

Ya pili, punguzo linachukuliwa kama sehemu ya malipo, kama vile mtu mwingine kakulipia. Kodi inahesabiwa juu ya 144 nzima, inakuwa 14.40, ndipo 28.80 ya kadi inatolewa. Unalipa 129.60, na B inashinda. Punguzo lipi linashusha kodi na lipi halishushi hutegemea sheria ya mahali na nani anabeba gharama yake, duka au mtengenezaji.

Ya tatu ndiyo ya Mama: unatoa 158.40 taslimu na kubaki na pointi.

Utaijua kwa risiti tu. Tafuta mstari wa kodi: ukiona 11.52 ni njia ya kwanza. Ukiona 14.40, hukupata punguzo kabla ya kodi. Muulize keshia kabla hajafunga hesabu.

Mbeba_Mzigo
Sawa. Tuseme ni njia ya kwanza. Naweza kumwambia mke wangu nimeokoa 240 toa 126.72, yaani 113.28?

Chenji_Kamili
Hapana, 240 haina kodi na 126.72 ina kodi. Ya kulinganisha nayo ni 264, na tofauti ni 137.28.

Mama_Risiti
Mimi hata hiyo siikubali. Nani angelipa 264 wakati duka la pili bei yake iliyokatwa ni 160 na kodi ndani? Ameokoa 1.28, basi. Hiyo 240 inaweza kuwa iliandikwa ili ikatwe. Umoja wa Ulaya tangu 2022 unalitaka duka linalotangaza punguzo lionyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia, kwa sababu ya mchezo huohuo.

Senti_Tano
Lakini Mama, kama hilo duka la B lisingekuwepo? Kila mtu hana duka la pili la kulinganisha.

Mama_Risiti
Basi alinganishe na bei aliyoiona mwezi uliopita. Kama hakuiona, aseme amelipa ngapi, asiseme ameokoa ngapi.

Chenji_Kamili
Hapo sikubaliani sana na Mama, ila tuliache. @Mbeba_Mzigo, kuza picha ya A kwenye ile stika. Mara nyingi ukingoni huandikwa kama 20% inahusu bidhaa ambazo tayari zimepunguzwa bei. Isipohusu, A ni 158.40 na hakuna cha kujadili.

Mbeba_Mzigo
Nimekuza. Kuna mstari unaoanza na "haihusu…" halafu kidole changu gumba kimefunika kilichobaki. Kesho narudi na kadi, na kidole kitabaki mfukoni.