Naomba ushauri: kipengele cha wastani kimekata fidia yangu

Wakuu, habari zenu. Bomba lilipasuka ghalani, maji yakaloanisha maboksi ya safu ya chini tu. Hasara ni milioni 4 kwa bei niliyonunulia. Bima yangu ni ya milioni 30, nikajua hasara ndogo kama hii italipwa yote.

Mkadiria hasara akahesabu hadi boksi la mwisho, hata yaliyobaki makavu, akasema siku ya tukio ghala lilikuwa na mali ya milioni 50. Kwa hiyo nimekatia bima tatu ya tano tu, na kwa kipengele cha wastani nitalipwa tatu ya tano ya hasara: milioni 2.4. Mbili ya tano najibebea mwenyewe. Na hapo bado hawajatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mteja hubeba!

Kosa la kutaja thamani ndogo ni langu, nilibana ada. Kinachonikera ni hiki: hasara wameipima kwa bei ya kununulia, ghala zima kwa bei ya kuuzia. Kwa bei ya kununulia ghala ni milioni 40, ningelipwa milioni 3. Hati ya makubaliano sijaisaini. Niwabane kwa lipi, ankara za manunuzi zinatosha?