Vitabu vya baba mpya vimeniharibia nyumba, ati "shika chupa ya usiku"

BabaBinti_Bombo:
Wakuu leo naongea yote manake nimejaa mpaka hapa. Nina vitabu vitatu vya wanaume wanaopata mtoto wa kwanza, vyote vya nje, nilivinunua kwa wauza mtumba mjini Kampala mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba, nikavisoma mpaka kurasa zikaanza kung'oka. Vyote vinaanza na kitu cha kweli, kwamba mtoto akishazaliwa baba anawekwa pembeni, wageni wanakupita mlangoni kama vile wewe ndiye mlinzi. Halafu vinakupa dawa na dawa ni ileile: chukua chupa ya usiku, mama alale, wewe umlishe mtoto, hapo na wewe utakuwa mzazi.

Sasa sikilizeni. Mke wangu ni Muganda, mama mkwe kwa mila yao hawezi kulala kwangu, hata mkono hatushikani, kwa hiyo akaja shemeji mkubwa akalala chumbani na nakawere, yaani mke wangu aliyetoka kujifungua, na mimi nikahamia kwenye kiti cha sebuleni. Kitabu kinasema ati kaa mezani na mama mkwe mpangiane zamu! Kinasema chukua likizo ya wiki kadhaa, wakati sheria yetu ya kazi ya 2006 inampa baba siku nne tu za kazi, siku ya tano nilikuwa chini ya gari gereji. Hiyo ningesamehe. Chupa sisamehi.

Binti alizaliwa kilo 3.2, siku ya tano akawa 3.0, siku ya kumi na mbili amerudi 3.2, kliniki wakasema ananyonya vizuri hongera. Kesho yake nikaanza kama kitabu kilivyosema, mililita 90 za maziwa ya kopo saa tano usiku na 90 tena saa tisa. Ile wiki ya kwanza sitaisahau, kananishika kidole gumba kwa mkono wote huku kanavuta chupa, nyumba nzima kimya, mimi na yeye tu. Mke wangu alikuwa anaamka asubuhi maziwa yamejaa mpaka matiti magumu kama jiwe na leso imelowa, tukadhani ndiyo dalili maziwa ni mengi. Wiki mbili mbele hayajai tena. Mtoto anashika ziwa dakika mbili anaachia analia, tunaongeza chupa mchana, kopo la gramu 400 lililokuwa linakaa wiki mbili sasa siku tano limekwisha na ni elfu arobaini na kitu. Juzi shemeji kaniambia mbele ya watu, wewe ndiye umeua maziwa ya dada yangu.

Na ni kweli! Ndiyo kinachoniuma. Kwenye vitabu vitatu hakuna mstari hata mmoja unaosema chupa ya usiku inakula nini upande wa pili. Mtoto ana wiki saba leo. Aliyeandika yale alikuwa anamwandikia nani?

Salongo_Jinja:
Pole ndugu. Mimi nilipata mapacha, nyumba ilijaa watu mpaka nikalala kwa jirani wiki tatu. Wangu walikunywa kopo na ziwa vyote na wamekua, sasa wako P4. Usijilaumu sana, wanawake wengine maziwa ni machache tu kwa asili.

BabaBinti_Bombo:
Mzee heshima yako, lakini huyu hayakuwa machache. Yalikuwa yanachuruzika.

kitabu_kwanza:
Kama unataka vitabu vizuri vya watoto viko vile vya picha vya wanyama, mtoto wa wiki saba anaona rangi nyeusi na nyeupe vizuri zaidi.

BabaBinti_Bombo:
Bana soma uzi kwanza.

Dereva_Mbale:
Kosa lako si chupa, kosa ni kilichokuwa ndani. Mama angekamua mchana, wewe unampa usiku maziwa yake mwenyewe. Sisi hatuna friji, tulikuwa tunatia kwenye flaski ya chai jioni yanakaa ya moto mpaka alfajiri.

MkungaArua:
Dereva nusu umepatia, nusu utaua mtoto. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama saa nne hivi nje ya friji, sehemu yenye kivuli, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Flaski yenye joto ndiyo nyumba ya wadudu, usirudie hiyo. Na kukamua mchana peke yake hakuzibi pengo la usiku.

Baba Binti, titi halina ghala, linatengeneza kadiri linavyomwagwa. Likikaa limejaa saa nyingi mwili unaelewa kwamba hayatakiwi, unapunguza. Yale matiti magumu ya asubuhi ndiyo ilikuwa kengele, mkayasoma kinyume. Na usiku ndipo homoni ya kutengeneza maziwa inapanda zaidi, kwa hiyo kunyonya kwa saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri kuna kazi kubwa kuliko kwa mchana. Wewe uliondoa hiyohiyo, tena mapema, kabla maziwa hayajasimama vizuri, wiki nne za mwanzo.

Sasa usikate kopo leo kwa hasira, mtoto atashuka kilo. Kila akiamka aanze ziwa, pande zote mbili, ndipo apewe kopo, kwa kikombe kidogo siyo chupa manake chupa inamzoesha kumiminiwa. Anyonyeshwe mara nane mpaka kumi na mbili mchana na usiku. Siku tatu nne zikipita salama punguza mililita 30 kwenye mlo mmoja tu. Hesabu nepi, mkojo mara sita au zaidi kwa siku, na mpime kila wiki, kwa umri huu tunataka apate kama gramu 150 kwa wiki au zaidi. Ikishuka chini ya hapo au mkojo ukipungua, rudisha ulichopunguza na mwende kliniki. Akikataa kunyonya kabisa au akiwa na homa au anahema mbio, hapo usisubiri kupima kilo, nenda palepale.

BabaBinti_Bombo:
Asante sana dada mkunga. Sasa mimi nafanya nini usiku? Manake ukiniondolea chupa nimerudi kwenye kiti cha sebuleni.

MkungaArua:
Wewe ndiye unayeamka. Mtoto akianza kutafuta kwa mdomo na kula ngumi, kabla hajalia, mbadilishe nepi, mpeleke kwa mama aliyelala ubavu. Akimaliza mchukue, vua shati, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi kichwa juu, robo saa mpaka acheue. Mama anakuwa ameamka dakika ishirini badala ya saa nzima.

Dereva_Mbale:
Na shemeji chumbani je? Atavua shati mbele ya shemeji?

MkungaArua:
Hilo la mila mimi siliwezi, waongee wenyewe.

Salongo_Jinja:
Amwombe senga wa mke, yaani shangazi yake, aongee, siyo yeye.

BabaBinti_Bombo:
Nimerudi baada ya siku nane. Senga alikuja, shemeji amehamia sebuleni, mimi nimerudi chumbani. Kopo bado lipo ila mlo wa saa tisa usiku nimeuondoa kabisa, ni ziwa tu. Nepi jana nilihesabu saba. Kilo wiki hii ameongeza gramu 160. Lakini mchana bado anaachia ziwa na kulia, hilo halijaisha, dada mkunga maziwa yatarudi yote au nusu?

MkungaArua:
Wengi yanarudi karibu yote wakivumilia wiki chache, wengine wanabaki na kikombe kimoja cha kopo kwa siku. Siwezi kukuahidi. Hiyo 160 iendelezeni, usipunguze kingine mpaka upime tena.