Mauzo kwenye ritani hayalingani na ankara, na PAYE imezidi: naomba ushauri

Karani wa Leja: Ndugu wahasibu, ninapitia vitabu vya kampuni ndogo ya vifaa vya ofisi hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, kabla ya ukaguzi wa kodi. Katika ritani za kodi ya ongezeko la thamani za mwaka 2025, mauzo ni madogo kuliko ankara za eTIMS, lakini ni katika miezi ile tu ambayo shirika moja la umma lilitulipa. Ankara mojawapo ni shilingi 500,000 pamoja na kodi 80,000, ilhali ritani inaonyesha mauzo ya 491,379. Tena mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 60,000 anakatwa PAYE ya 8,920.85 tangu Februari, nami nikikokotoa napata kidogo zaidi.

Baba Wawili: Hiyo ni asilimia 2 inayozuiliwa na mnunuzi, ndugu yangu. Pesa zimeshafika KRA, kwa hiyo hakuna deni.

Mama Hesabu: Chanzo umekipata, Baba Wawili, lakini deni lipo. Mnunuzi alizuia 10,000, yaani asilimia 2 ya 500,000, akaweka benki 570,000. Aliyejaza ritani alichukua hizo za benki akagawanya kwa 1.16, ndipo ikatoka 491,379. Kodi iliyotangazwa ikawa 78,621 badala ya 80,000, pengo la 1,379 kwa ankara hiyo moja. Zile 10,000 hazipunguzi mauzo. Zinapunguza kodi ya kulipwa, kwa cheti cha uzuiaji. Karani, angalia kama cheti kilidaiwa pia kwenye ritani hiyo hiyo, kwa sababu hapo punguzo limehesabiwa mara mbili, na mkaguzi atakayelinganisha ankara na ritani ataliona mara moja.

Kuhusu mshahara, programu yenu bado inatumia utaratibu wa zamani wa nafuu ya asilimia 15 ya makato ya bima ya afya, SHIF, na tozo ya nyumba. Tangu mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, SHIF ya 1,650 na tozo ya nyumba ya 900 hutolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi, pamoja na NSSF ya 3,600. Kinachotozwa kodi ni 53,850, na PAYE baada ya nafuu binafsi ya 2,400 ni 8,538.35. Mfanyakazi amekatwa 382.50 zaidi kila mwezi.

Mpangaji wa Umoja: Mimi niliacha kazi mwezi Juni, na karatasi zangu za mshahara zinaonyesha kosa kama hilo. Nani atanirudishia?

Mama Hesabu: Anza na mwajiri wako wa zamani, umwombe fomu ya P9 iliyosahihishwa. Akikataa, sijaona njia nyepesi.

Karani wa Leja: Asante, Mama. Nimefungua ritani ya Machi sasa hivi, na cheti cha 10,000 kimo humo. Basi kimehesabiwa mara mbili. Naanza kurekebisha na huo mwezi.