Bimu ya I ya kuchomelea: pleti ya ziada niiweke yote chini, au niigawe juu na chini?

GarejiUyole
Wakuu habari za jioni. Nina bimu ya mita 6 hapa karakanani Uyole, imekaa juu ya nguzo mbili, cheni bloku inatembea kwenye flenji ya chini. Ni ya kuchomelea: flenji mbili za 120 × 10, webu ya 280 × 6, kimo chote mm 300. Miaka yote tunanyanyua injini na gia boksi, haifiki tani moja na nusu. Sasa nimepata kazi ya mashine yenye tani 3.

Nataka kuiongezea chuma. Nimeahidiwa pleti ya 100 × 12, au mbili za 100 × 6. Uzito ni uleule, kama kilo 57 kwa mita 6, na bei ni ileile. Fundi wangu anasema zote ziende chini, kwa sababu mzigo unaning'inia chini. Mwingine anasema achana nayo, tengeneza bimu mpya yenye webu ya 480 na flenji zilezile. Hiyo nayo inakula chuma kilekile cha jumla. Nichague ipi?

FundiMakambako
Chini, kaka. Bimu ikibeba, chini kunavutwa, juu kunabanwa. Kitu hukatika pale kinapovutwa. Ndiyo maana kwenye zege nondo nyingi tunaziweka chini.

Kijana_Iyunga
Namuunga mkono fundi, na nimepiga hesabu. Bimu ya sasa ina I, yaani kipimo cha jinsi umbo linavyokataa kupinda, ya sm⁴ 6,146. Pleti ya 100 × 12 ikiwa chini, katikati yake iko mm 156 kutoka katikati ya bimu. Eneo ni sm² 12, kwa hiyo 12 × 15.6² ni 2,920, jumla 9,067. Ukigawa juu na chini, kila kipande cha sm² 6 kiko mm 153, nikapata 8,955. Yote chini inashinda, ingawa kwa kidogo.

MamaBimu_Iringa
Kamwene wote. Mwanangu wa Iyunga, hesabu yako imekwenda vizuri hadi mahali pamoja, na mahali hapo ndipo jibu zima linapogeukia.

Ukigawa juu na chini, bimu inabaki na ulinganifu, mhimili, yaani mstari usiovutwa wala kubanwa, unabaki katikati, 8,955 yako ni sahihi. Ukiweka yote chini, mhimili hauwezi kukaa palepale. Chuma kimezidi chini, nao unashuka. Wewe umepima kutoka katikati ya zamani, mahali ambapo si katikati tena.

Anza na sentroidi, yaani kitovu cha eneo lote, ambapo mhimili unapita. Pima kutoka uso wa chini kabisa. Pleti mpya: sm² 12, katikati yake iko sm 0.6. Bimu ya zamani: sm² 40.8, katikati yake sasa iko sm 16.2 kwa sababu imepandishwa na unene wa pleti.

ȳ = (12 × 0.6 + 40.8 × 16.2) ÷ 52.8 = sm 12.65

Mhimili umeshuka sm 3.55 kutoka katikati ya bimu ya zamani. Sasa kila kipande kihamishie kwenye mhimili huo mpya. Bimu ya zamani ina 6,146 yake na inaongezewa 40.8 × 3.55². Pleti ina kidogo sana yake yenyewe, inaongezewa 12 × 12.05². Jumla inakuja 8,404, si 9,067. Kwa hiyo kwa I peke yake, kugawa juu na chini kunashinda.

Lakini I inakuambia bimu itapinda kiasi gani tu. Mkazo unataka umbali hadi ukingo. Kimo kipya ni mm 312. Kutoka mhimili hadi chini ni mm 126.5, hadi juu ni mm 185.5. Gawanya I kwa umbali huo, unapata Z:

chini: 8,404 ÷ 12.65 = sm³ 664
juu: 8,404 ÷ 18.55 = sm³ 453

Kabla ya kuongeza chochote, juu na chini zote zilikuwa 410. Umenunua kilo 57 za chuma, na upande wa juu umepata asilimia 10 tu. Ukigawa 6 na 6, pande zote mbili zinakuwa 574, yaani asilimia 40.

FundiMakambako
Mama, lakini mvutano uko chini.

MamaBimu_Iringa
Uko chini, na ubanano uko juu, na chuma cha kawaida kinaanza kulegea kwenye kiwango kilekile kikivutwa au kikibanwa. Zege ni jambo lingine. Zege halivumilii kuvutwa, ndiyo maana nondo zinakwenda chini. Mazoea ya zege ukiyahamishia kwenye chuma yanakupoteza.

GarejiUyole
Sasa hizo 453 na 574 kwangu mimi zina maana gani? Nipe kwa tani zangu 3.

MamaBimu_Iringa
Tani 3 ni kama kN 30. Niongeze robo kwa sababu ya mshtuko wa kunyanyua, inakuwa 37.5. Ikiwa katikati ya mita 6, momenti ni 37.5 × 6 ÷ 4, na uzito wa bimu yenyewe ukiongezwa tunafika karibu kNm 58. Gawanya momenti kwa Z: kwenye bimu ya sasa mkazo ni kama N/mm² 141, juu na chini. Ukiweka pleti yote chini: chini unashuka hadi 87, lakini juu unabaki 128. Ukigawa: 101 pande zote.

Ona ile 87. Chuma kilichoko chini kimestarehe, cha juu bado kinahangaika, na bimu haitakusifu kwa sababu ya upande uliostarehe.

Kijana_Iyunga
Mama nimekuelewa, na nimeona aibu kidogo. Kuna njia ya kujikamata mapema kabla ya kuandika jibu?

MamaBimu_Iringa
Ipo. Eneo mara umbali, juu ya mhimili na chini ya mhimili, lazima vilingane. Hapa: 12 × 12.05 ni 144.6. Na 40.8 × 3.545 ni 144.6. Vimelingana, mhimili uko mahali pake. Kwa ule wako: upande mmoja 12 × 15.6, upande wa pili sifuri. Ungeona mara moja.

Na kumbuka mhimili unaopita kwenye sentroidi ndio unaotoa I ndogo kuliko mingine yote inayokwenda sambamba nao. Ukikosea mhimili, kosa linaenda upande mmoja tu: unapata I kubwa kuliko iliyopo. Yaani kosa hili siku zote linakudanganya kwamba uko salama.

Msumeno_Mafinga
Samahani naingilia. Mimi nina boriti ya mbao ya paini, 75 × 200, nimeibandika pleti ya chuma chini kwa bolti. Nitumie hizohizo hesabu za mama? Maeneo nayajua.

MamaBimu_Iringa
Hapana kaka, ungepotea. Hizi zote ni chuma kwa chuma. Kwako chuma ni kigumu kuliko paini kama mara 20, inategemea mbao yako, kwa hiyo kabla ya kutafuta sentroidi upana wa pleti unauzidisha kwa uwiano huo kana kwamba yote ni mbao. Mhimili wako utashuka chini sana. Na bolti zako ndizo zitakazoamua kama vitu viwili vinafanya kazi kama kimoja. Fungua uzi wako, tutakuja.

FundiMakambako
Sawa, nimekubali hesabu, lakini kwenye kuchomelea mnisikilize mimi. Umefanya vizuri kusema 100 na si 120. Pleti yenye upana sawa na flenji haina ukingo wa kukalia mshono. Ikiwa 100 juu ya 120, unabaki na mm 10 kila upande, mshono unakaa. Usikubali mtu akuuzie ya 140 kwa ajili ya chini: itatokeza pembeni na itagonga mashavu ya troli ya cheni bloku.

Pili, usichomelee ya chini bimu ikiwa juu. Ishushe, igeuze, ichomelee ikiwa imelala. Mshono wa kichwa juu unaonekana mzuri kwa nje na ndani ni sponji. Chomelea vipande vifupi kwa kupokezana, kidogo juu kidogo chini. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, joto linauvuta upande huo na bimu inapinda kama upinde. Hapo nakiri, ile ya pleti yote chini ingenipa shida hii zaidi.

GarejiUyole
Na ile ya webu ya 480?

MamaBimu_Iringa
Kwa karatasi hiyo inazishinda zote kwa mbali. Chuma kilekile, kimo mm 500, I inafika 19,938 na Z 798. Flenji zimesogea mbali na mhimili, na umbali unaingia ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Lakini inakula mm 200 za nafasi chini ya paa lako, na webu ya mm 6 yenye kimo cha 480 inataka vipande vya kuikaza pale inapokalia nguzo, isije ikajikunja. Una nafasi hiyo?

GarejiUyole
Sina. Lori likiingia na kichwa kikiinuliwa, nabakiwa na kama futi moja na nusu. Basi ni 6 na 6.

MamaBimu_Iringa
Ngoja kwanza. Si lazima pleti ziende mita 6 nzima. Mzigo ukiwa mita 1 kutoka nguzo, momenti ya hapo ni kama kNm 32, na bimu ya zamani inaibeba kwa mkazo wa 79. Pleti za mita 4 katikati, na kipande cha ziada kila ncha ili mshono upate pa kushika, zinatosha. Umeokoa karibu robo ya chuma.

Kinachonisumbua ni kingine. Flenji yako ya juu ina upana wa mm 120 na urefu wa mita 6 bila kushikwa pembeni. Hiyo ni mara 50 ya upana wake. Flenji inayobanwa ikiwa nyembamba hivyo inaweza kukimbia pembeni kabla mkazo haujafika hata hizo 101. Mzigo kuning'inia chini kunasaidia, unaivuta irudi, lakini mimi nisingeutegemea huo peke yake. Bimu yako imeshikwa na nini pale katikati?

GarejiUyole
Kuna kipande cha angle iron… samahani, chuma cha pembe, 40 × 40, kimetoka kwenye kenchi la paa hadi juu ya bimu. Kimechomelewa na fundi aliyetangulia.

Kijana_Iyunga
Kenchi la mbao au la chuma?

GarejiUyole
La mbao.

MamaBimu_Iringa
Kenchi la mbao lenyewe limeshikwa na nini? Kama likisukumwa pembeni linayumba, basi bimu haijashikwa, vimeshikana tu viwili vinavyoyumba. Piga picha ya pale linapoungana na ukuta uweke hapa. Kabla ya hapo tani 3 zisipande.

FundiMakambako
Mimi ningetoa chuma kipya kutoka katikati ya bimu hadi kwenye linta ya zege. Ila kuta za Uyole nyingi ni za tofali za kuchoma, sijui kama linta yake inazunguka nyumba yote.

GarejiUyole
Haizungukii yote. Upande wa barabara hakuna. Kesho kukipambazuka napiga picha. Ndaga fijo, mama.