Ligi ya vitivo: mechi ya mwisho ilihamishwa siku, mamluki akatufungia njia, na kamati inasema hatuna haki ya kulalamika

Meneja wa Sayansi (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Timu yetu imetolewa kwenye ligi ya vitivo, na namna ilivyotolewa haikubaliki. Nitaeleza kwa mpangilio ili mtu asije kusema tunalia kwa sababu tumeshindwa.

Kundi letu lilikuwa na timu nne: Sayansi, Sheria, Uhandisi na Elimu. Wanapita wawili. Sisi tulianza kwa kuwafunga Uhandisi 2-1, kisha tukafungwa na Sheria 1-0. Sheria walishawapiga Elimu 3-0, na Uhandisi nao wakawapiga 2-0. Kuelekea mechi za mwisho Sheria walikuwa na pointi 6, sisi 3, Uhandisi 3, Elimu hawana kitu. Ratiba iliyobandikwa ilisema mechi zote mbili za mwisho ni Jumatano saa kumi jioni, moja uwanja mkubwa, nyingine uwanja wa mazoezi.

Jumanne usiku Uhandisi wakapeleka barua kwamba Jumatano wana mtihani wa maabara. Sina ugomvi na mtihani, tumekuja chuoni kusoma. Ugomvi wangu ni kwamba kamati iliisogeza mechi yao na Sheria hadi Alhamisi, halafu yetu na Elimu ikaachwa palepale Jumatano. Nilipiga simu usiku huohuo kuomba zote mbili zisogezwe. Nikajibiwa kuwa uwanja umeshapangwa.

Tukacheza, tukashinda 2-0. Tukamaliza na pointi 6, mabao manne ya kufunga na mawili ya kufungwa. Sasa angalieni Sheria na Uhandisi walichokuwa nacho mkononi kabla hawajavaa viatu. Uhandisi wakishinda 1-0, wanalingana na sisi kwa pointi, kwa tofauti ya mabao na kwa mabao ya kufunga. Wakishinda 2-1, wanatupita kwa bao moja la kufunga, na Sheria pamoja na kufungwa wanabaki na tofauti ya +3 na wanaongoza kundi. Alhamisi Uhandisi 2, Sheria 1. Bao la pili liliingia dakika ya 71, na kuanzia hapo hakuna timu iliyovuka mstari wa katikati kwa nia ya kufunga.

Aliyefunga hilo bao la pili ndiye jambo langu la pili. Ameahirisha muhula huu. Wanaosoma naye wanajua. Jina lake silitaji hapa na naomba msilitaje. Kanuni yetu inasema mchezaji awe "mwanafunzi wa kitivo husika mwenye kitambulisho halali". Kitambulisho chake kinaonyesha mwisho wa matumizi ni mwaka atakaohitimu, kwa hiyo pale mezani kabla ya mechi kilipita bila swali. Kadi inaonyesha ulidahiliwa lini na unatarajiwa kumaliza lini. Haionyeshi kama muhula huu umesajiliwa.

Tulipeleka malalamiko kwa maandishi ndani ya saa mbili kama kanuni inavyotaka. Jibu limekuja na mistari mitatu tu: malalamiko yanapokelewa kutoka kwa timu zilizocheza mechi husika, Sayansi haikucheza mechi hiyo, shauri limefungwa. Aliyetia saini ni katibu wa kamati, ambaye ni mwanafunzi wa Uhandisi. Nusu fainali ni Jumamosi.

Sheria ndio walioruhusiwa kulalamika, na wao wamepita. Wangelalamika ili iweje?

Kiungo Mkabaji

Pole sana mkuu. Ila mbona mnahangaika na mamluki wakati dawa iko wazi? Timu zikilingana pointi unaangalia walipokutana wenyewe kwa wenyewe. Mliwafunga Uhandisi 2-1. Mmepita ninyi. Kadaini hilo.

Netiboli Daima

Hii kamati ni ileile iliyotunyang'anya sisi pointi za netiboli. Wapinzani walichelewa dakika ishirini na tano, tukiwa tumejipanga uwanjani, mwamuzi akasema tusubiri kwa sababu gari lao limeharibika. Tukasubiri, tukacheza giza linaingia, tukafungwa. Kanuni inasema dakika kumi na tano. Tulipoiuliza kamati wakasema tulikubali kucheza, kwa hiyo tumeshasamehe. Sasa hapo nani anatutetea?

Katibu Mstaafu

Nimeendesha mashindano ya vitivo kwa misimu kadhaa. Naanza na Kiungo Mkabaji, maana ushauri wake utampeleka mwenzetu pabaya.

Wenyewe kwa wenyewe ni rahisi wanapolingana wawili. Hapa wamelingana watatu: Sayansi, Sheria na Uhandisi wote wana pointi 6. Hapo unaondoa mechi za Elimu na kutengeneza jedwali dogo la hao watatu. Sayansi 2-1 Uhandisi, Sheria 1-0 Sayansi, Uhandisi 2-1 Sheria. Kila mmoja ana pointi 3 na tofauti ya mabao ni sifuri kwa wote. Unakwenda kwenye mabao ya kufunga: Uhandisi 3, Sheria 2, Sayansi 2. Uhandisi anapita. Ukibaki na Sheria na Sayansi, Sheria alishinda walipokutana. Jibu ni lilelile. Meneja, ukienda na hoja hii watakupigia hesabu mbele ya kikao na hoja zako nyingine zitapoteza uzito.

Pia liache dai la kwamba walipanga matokeo. Tarehe 25 Juni 1982 mjini Gijón, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 kwa bao la dakika ya 10, na matokeo hayo yakazipeleka zote mbili mbele. Algeria ilikuwa imecheza mechi yake ya mwisho siku moja kabla, ikatolewa kwa tofauti ya mabao. Algeria walilalamika, FIFA haikubadilisha kitu, kwa sababu kupiga pasi za nyuma si kosa lenye kifungu. Kilichobadilika ni ratiba: kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zinaanza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mlaumu aliyepanga siku, si waliocheza. Na hata hapo usitegemee mechi irudiwe. Ungepata nguvu zaidi kama ule upinzani wa Jumanne usiku ungekuwa wa maandishi badala ya simu.

Hoja yenye meno ni ya mchezaji. Mwamuzi akishaamua ni bao au si bao, hilo ni la mwisho, halirudi kikaoni. Uhalali wa mchezaji ni jambo tofauti, halihusu macho ya mwamuzi, linahusu nyaraka. Na halipaswi kutegemea nani amelalamika, kwa sababu mashindano yanaweza kuchunguza yenyewe likishafahamika.

Mhandisi wa Mwaka wa Tatu

Naomba na upande wetu usikike. Huyo ndugu aliahirisha muhula kwa sababu ya ada, si kwa utoro. Namba yake ya usajili ipo, hajafukuzwa, muhula ujao anarudi. Mnamwita mamluki kana kwamba tumemwokota mtaani. Na mtihani wa maabara ulikuwa wa kweli, mimi mwenyewe niliufanya. Sisi tuliomba siku nyingine. Hatukuomba mechi yenu ibaki Jumatano.

Winga wa Kushoto

Kwenye michezo ya vyuo vikuu duniani, ile ya FISU, hata aliyehitimu mwaka uliotangulia anaruhusiwa. Sasa huyu ambaye hata hajahitimu mnamkataaje?

Katibu Mstaafu

Winga, FISU kweli wanaruhusu mhitimu wa mwaka uliotangulia, lakini hiyo ni kanuni yao kwa mashindano yao, yanayokutanisha nchi. Ligi ya vitivo inaongozwa na kanuni iliyosainiwa na manahodha kabla ya kuanza. Ukianza kuazima, kila mtu ataazima kinachomfaa.

Mhandisi ana hoja, na ndiyo maana neno "mwanafunzi" lilipaswa kufafanuliwa mapema. Sisi tulikuwa tunaandika hivi: "aliyesajiliwa katika kitivo kwa muhula wa mashindano, kwa mujibu wa orodha ya ofisi ya usajili ya tarehe fulani". Kila kitivo kinaleta majina na namba, ofisi inagonga muhuri, orodha zote zinabandikwa siku tano kabla ya mechi ya kwanza. Saa 48 za kuweka pingamizi, na kitivo chochote kinaweza kupinga jina lolote, hata la timu ambayo hakitakutana nayo. Baada ya hapo orodha inafungwa. Ligi yenu imehukumu uhalali kwa kutazama kadi dakika kumi kabla ya mechi, na ugomvi ukaachwa uje baada ya kipyenga cha mwisho.

Kwa sasa Meneja, fanya hivi. Usiombe faili la mtu, hawatakupa na hawapaswi kukupa. Mwandikie afisa michezo wa chuo, si katibu, aulize ofisi ya usajili swali la ndiyo au hapana: namba hii ilikuwa imesajiliwa Uhandisi siku ya mechi? Ambatanisha na kanuni za chuo zinazosema aliyeahirisha ana haki gani. Omba pia katibu asiketi kwenye shauri hili.

Kiungo Mkabaji

Nimeelewa hesabu ya watatu, nilikuwa sijaitazama hivyo. Lakini jibu likija "hapana", wanapewaje adhabu?

Katibu Mstaafu

Kawaida ya soka ni kupoteza mechi kwa 3-0. Sheria wanafikisha pointi 9, Sayansi 6, Uhandisi 3. Sayansi anapita bila kuhitaji tofauti ya mabao. Pagumu ni hapa: kama alicheza na zile mechi mbili za mwanzo, nazo zibatilishwe? Kwenye kundi lenu haibadilishi wanaopita, ila Elimu wangepata pointi 3 ambazo hawakuzidai. Nimeona kamati zikiamua kwa njia zote mbili, na kila mara kulikuwa na aliyeondoka amekasirika.

Netiboli Daima

Na sisi je? Zile dakika kumi na tano?

Katibu Mstaafu

Mngekubali kucheza huku mkimwandikisha mwamuzi kwenye ripoti kwamba mnacheza chini ya pingamizi, mngekuwa na pa kusimama. Bila hiyo sioni njia. Samahani, najua si jibu mlilolitaka.

Meneja wa Sayansi (mwanzisha uzi)

Hesabu ya watatu nimeirudia mara mbili, ni kweli, hoja hiyo naiacha. Ya kupanga matokeo naiondoa pia kwenye barua, ingawa nilikuwepo uwanjani na nilichokiona nimekiona. Kwa Mhandisi: neno mamluki nililomwita yule ndugu nalifuta, sikujua habari ya ada. Dai lenyewe silifuti.

Barua imefika kwa afisa michezo leo mchana. Amekubali kuuliza ofisi ya usajili, na amekubali katibu asiketi. Alichokataa ni kusogeza nusu fainali. Anasema jibu likichelewa, Uhandisi watacheza Jumamosi. Nimemuuliza, wakicheza, wakashinda, halafu Jumatatu jibu likaja kwamba hakusajiliwa, itakuwaje? Hajajibu. Aliyewahi kukutana na hali hiyo anieleze kabla ya kesho jioni.