Ratiba imebadilishwa baada ya dirisha kufungwa, na ombi langu la kubadili kozi limejibiwa kwa mistari miwili

MwakaWaTatu

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninasoma mwaka wa tatu wa shahada ya uchumi katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Muhula huu nimejisajili katika kozi nne za lazima na moja ya hiari, kila moja ikiwa na krediti 12. Kozi yangu ya hiari ni Uchumi wa Kilimo, na niliichagua nikiwa nimekwisha kuhakikisha kwamba haigongani na nyingine yoyote.

Dirisha la kuongeza na kuacha kozi lilifungwa Ijumaa ya wiki ya pili. Jumatatu iliyofuata ilibandikwa ratiba mpya, ambamo Ekonometriki, ambayo kwetu ni ya lazima, ilihamishiwa Jumatano saa 4 hadi saa 6, saa zilezile za Uchumi wa Kilimo. Kesho yake, Jumanne, nilituma barua pepe hii kwa ofisi ya usajili:

"Yah: Ombi la kubadili kozi ya hiari baada ya muda kupita. Ninaomba kuacha Uchumi wa Kilimo na kusajiliwa katika Uchumi wa Afya, kwa kuwa ratiba iliyotolewa jana imeleta mgongano na kozi ya lazima. Ninatambua kuwa muda wa kubadili kozi umepita, lakini mgongano huu haukuwapo kabla ya muda huo. Nimeambatanisha ratiba zote mbili."

Niliweka jina kamili, namba ya usajili na misimbo ya kozi zote mbili. Nilikaa siku kumi bila jibu. Katika siku hizo zilipita Jumatano mbili, na zote nilikuwa Ekonometriki. Nilipokwenda kumwona mhadhiri wa Uchumi wa Kilimo alinionyesha karatasi ya mahudhurio: mbele ya jina langu kulikuwa na visanduku viwili vitupu, na chuoni kwetu asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Ijumaa ya wiki ya nne ndipo lilipokuja jibu: "Muda wa kubadili kozi umekwisha. Zingatia kalenda ya chuo."

Kalenda niliizingatia. Ukomo wa kubadili kozi una maana pale tu ambapo mwanafunzi ameoneshwa ratiba ambayo ataisoma kweli. Ukimwekea ukomo kwa ratiba moja, kisha ukamsomesha kwa nyingine, umemnyang'anya wiki mbili zote alizopewa za kufikiri. Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyenijibu hakugusa neno hata moja kuhusu ratiba nilizoambatanisha. Leo ni Jumatatu ya wiki ya tano, na jaribio la kwanza la Uchumi wa Afya, lenye alama 15 kati ya 40 za kazi za muhula, litafanyika Alhamisi ya wiki ijayo.

KijanaWaHosteli

Pole sana, dada. Usisumbuke na ofisi. Ingia Uchumi wa Afya, fanya majaribio yote, kisha fanya na mtihani. Mhadhiri akishakuwa na alama zako mkononi, hawatakuwa na la kufanya ila kuzipokea. Rafiki yangu alifanya hivyo na akahitimu.

MamaWawili

Mimi nilihangaika hivyo hivyo mwaka wa kwanza nilipotaka kuhama kutoka ualimu kwenda sheria. Niliambiwa nafasi zimejaa na kwamba uhamisho lazima upitie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Angalia kwanza kama ufaulu wako wa kidato cha sita unakuruhusu.

MwakaWaTatu

Ninashukuru, dada, lakini mimi sihami programu. Ninabadili kozi moja ya hiari ndani ya programu yangu ileile.

MratibuMstaafu

Mwanangu, niliratibu mitihani ya idara kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, na barua pepe za namna hii nilizipokea kila muhula. Yako imeandikwa vizuri kuliko nyingi, lakini imekwenda kwa mtu asiye na mamlaka ya kuikubali. Dirisha likifungwa, orodha za usajili hutumika kupanga ratiba ya mitihani, vyumba na idadi ya karatasi za maswali, na fomu ya kujazia alama katika mfumo hutoka katika orodha hiyohiyo. Karani wa usajili hawezi kuigusa kwa sababu amekuonea huruma. Anahitaji idhini iliyotoka juu.

Kwa hiyo ushauri wa kijana wa hosteli ni nusu ya ukweli. Mhadhiri anaweza kukuruhusu kuketi darasani, lakini jina lako lisipokuwamo katika mfumo hatakuwa na mahali pa kuandika alama zako. Kibaya zaidi, Uchumi wa Kilimo utabaki katika usajili wako bila alama, na mwisho wa mwaka utahesabiwa kuwa hukufanya mtihani. Utaikeri, yaani utalazimika kuirudia, kozi ambayo hukuisoma. Huyo rafiki yake naamini alisajiliwa baadaye kwa barua, hata kama hakumsimulia.

Andika barua kwa mkuu wa ndaki kupitia mkuu wa idara, na uambatanishe maandishi ya mhadhiri wa Uchumi wa Afya kwamba yuko tayari kukupokea na atakufidia vipindi vilivyopita. Sema wazi kwamba unaomba kuacha na kuongeza kwa pamoja. Nimewahi kuona ofisi ikikubali kuacha peke yake, mwanafunzi akabaki na krediti 48 na kulazimika kubeba 72 muhula wa pili. Na swali moja: mko wangapi mnaogongana?

MwakaWaTatu

Tuko saba, mzee wangu. Sikuwahi kuwauliza hadi leo asubuhi.

MratibuMstaafu

Basi andikeni na barua ya pili, ya pamoja, kwa mratibu wa ratiba. Kusogeza kipindi kimoja cha saa mbili ni kazi ndogo kuliko kubadili usajili wa watu saba, na huenda kila mmoja akabaki na kozi aliyoitaka tangu mwanzo.

MwakaWaTatu

Barua zote mbili tumezipeleka. Mkuu wa idara amegonga mhuri palepale na amekiri kwamba ratiba ndiyo iliyokosea, ila mkuu wa ndaki amesafiri hadi Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja baada ya jaribio. Mhadhiri wa Uchumi wa Afya amekubali nifanye jaribio na atazihifadhi alama zangu pembeni mpaka jina liingie.

Hata hivyo, mzee wangu, sikubaliani nawe kwamba barua pepe yangu ilikwenda pasipo mahali pake. Anwani hiyo ndiyo iliyoandikwa chini ya tangazo la kozi. Kama karani hana mamlaka, alishindwa nini kuniandikia siku ya kwanza kwamba nipitie idarani?

MratibuMstaafu

Katika hilo huna kosa. Muulize mhadhiri kama atatia saini katika nakala ya jaribio lako, nawe uhifadhi picha yake.